Majani Mekundu ya Rungwa na Madai Potofu Kuhusu Rf

Kila mwaka, Septemba ikiisha na Oktoba ikiingia, misitu ya miombo inayozunguka Rungwa huchipua kabla mvua haijaonekana hata kwenye upeo wa macho. Anayesafiri kutoka Itigi kwenda Makongolosi hupita katikati ya miti yenye majani machanga mekundu, mengine ya rangi ya shaba, mengine ya zambarau iliyokolea. Baada ya wiki chache majani hayo hayo yanakuwa ya kijani kama mengine yote, na mgeni anayefika Januari hawezi kuamini akisimuliwa.

Nimeanza na majani hayo kwa sababu ni ushahidi katika kesi inayoendelea madarasani. Kromatografia ya karatasi hufundishwa tangu kidato cha kwanza, kwenye mada ya kutenganisha michanganyiko, na jaribio linalopendwa ni lile la rangi za jani la kijani: mchicha, kisamvu, chochote kilicho karibu. Jaribio ni zuri. Ila jani la kijani lina tabia moja mbaya: matokeo yake yanaafikiana na maelezo ya kweli, na pia yanaafikiana na maelezo ya uongo. Mwanafunzi hutoka maabara akiwa amekariri uongo na ana karatasi mkononi ya kuuthibitisha. Jani jekundu la Rungwa halimpi nafasi hiyo.

Kwanza tuweke jaribio lenyewe mezani, ili tubishane juu ya kitu kinachoonekana. Chukua majani machanga kiasi cha gramu mbili, yasage kwenye kinu kidogo pamoja na mchanga safi na mililita 5 za asetoni, kisha chuja. Kata karatasi ya kromatografia yenye urefu wa sentimeta 12. Sentimeta 1.5 kutoka ukingo wa chini, piga mstari kwa penseli, wala si kwa kalamu ya wino, maana wino nao utapanda na kukuchanganya. Kwa kapilari, gusa karatasi katikati ya mstari, acha pakauke, gusa tena palepale, rudia mpaka doa likolee lakini lisizidi milimita 3 kwa upana. Kwenye chupa ya kioo mimina kiyeyushi: sehemu 9 za etha ya petroli na sehemu 1 ya asetoni, kina kisichofika sentimeta 1. Funika chupa kwa dakika 10 ili ijae mvuke. Hapo ndipo uning'inize karatasi, ncha yake ya chini ikiwa ndani ya kiyeyushi na doa likiwa juu yake. Vimiminika hivi viwili hushika moto upesi sana, kwa hiyo kazi hii haifanyiki karibu na jiko wala kibatari.

Kiyeyushi kikikaribia sentimeta mbili au tatu kutoka juu, toa karatasi na upige mstari wa penseli pale kilipofikia, papo hapo. Tuseme kimepanda sentimeta 8.0 kutoka mstari wa kuanzia. Kwenye karatasi ya aina hii, kwa kiyeyushi hiki, rangi hujipanga hivi: juu kabisa karotini ya njano-chungwa, kwenye sentimeta 7.6, chini yake zanthofili ya njano, 5.7, halafu klorofili a yenye kijani cha kuelekea buluu, 5.2, kisha klorofili b yenye kijani cha kuelekea njano, 3.6. Na pale pale penye mstari wa kuanzia, bila kusogea hata nywele, limebaki doa jekundu au la zambarau. Hiyo ni anthosianini, rangi inayolifanya jani changa la mwombo liwe jekundu. Mchicha wa kawaida wa kijani haukuonyeshi doa hili.

Ukigawa kila umbali kwa 8.0 unapata thamani za Rf: 0.95, 0.71, 0.65, 0.45 na 0. Sasa tuyasikilize madai.

"Ukiiacha karatasi muda mrefu zaidi, Rf inaongezeka."

Hili hutoka kwa mwanafunzi aliyeona doa likizidi kupanda akadhani namba nayo inapanda. Doa linapanda, ndiyo, lakini kiyeyushi nacho kinapanda, na Rf ni uwiano wa safari hizo mbili. Kiyeyushi kikiwa kimefika sentimeta 4, klorofili b itakuwa kwenye 1.8, kikifika 8, itakuwa kwenye 3.6. Uwiano ni ule ule, 0.45. Ndiyo maana tunagawa: bila kugawa, kila karatasi ingekuwa na namba zake.

Kuna mahali ambapo muda huharibu, nalo ni tatizo lingine. Ukisahau karatasi mpaka kiyeyushi kigonge ukingo wa juu, kiyeyushi hakina tena pa kwenda lakini madoa yanaendelea kusogea kadiri kinavyovukizwa pale juu. Hapo Rf unayoikokotoa inakuwa kubwa isivyo halali. Karatasi ya namna hiyo haikokotolewi; hutupwa na kazi ikaanza upya.

"Pima kutoka mwisho wa karatasi, tofauti ni ndogo tu."

Tofauti si ndogo, na ubaya wake ni kwamba haiko sawa kwa madoa yote. Anayepima kutoka ukingo wa chini anaongeza sentimeta 1.5 kwenye kila umbali, wa doa na wa kiyeyushi. Karotini yake inakuwa 9.1 kwa 9.5, yaani 0.96 badala ya 0.95, hakuna atakayegundua. Klorofili b inakuwa 5.1 kwa 9.5, yaani 0.54 badala ya 0.45. Anthosianini, ambayo haikusogea kabisa, inapewa 1.5 kwa 9.5, yaani 0.16. Kitu kilichokaa palepale kimeandikiwa safari! Kadiri doa linavyokuwa chini ndivyo kosa linavyokuwa kubwa, na hiyo ndiyo dalili ya kumtambua mwanafunzi aliyepima vibaya: thamani zake za juu ni sahihi, za chini zimevimba.

Ndugu wa kosa hili ni yule asiyeweka alama ya kiyeyushi mapema. Etha ya petroli kwenye joto la Oktoba hukauka kabla hujapata rula, na mstari wa unyevu unapotea. Kwa kukosa alama, anapima mpaka ukingo wa juu wa karatasi, sentimeta 10.5 kutoka mstari wa kuanzia, na klorofili b yake inashuka hadi 0.34. Kwa hiyo doa lile lile, mikononi mwa watu watatu, limepata 0.54, 0.45 na 0.34, na kemia haijabadilika popote.

Niongeze jambo moja la vipimo ambalo hunikera. Doa lina upana. Likianzia sentimeta 3.2 na kuishia 4.0, unapima katikati yake, 3.6. Rula ya shuleni inasoma milimita, na katikati ya doa hukisiwa kwa macho. Kosa la milimita moja kwenye sentimeta 8 linabadilisha Rf kwa zaidi kidogo ya 0.01. Anayeandika 0.4512 kwa sababu kikokotoo kimemwonyesha hivyo anadai usahihi ambao rula yake haina. Tarakimu mbili baada ya nukta zinatosha.

"Molekuli nyepesi hupanda juu, nzito hubaki chini."

Hapa ndipo kwenye mgogoro wenyewe. Dai hili lina mantiki ya haraka, na jani la kijani linaliunga mkono kwa ushahidi unaoonekana kamili. Tazama uzito wa molekuli. Karotini ina takriban gramu 537 kwa moli. Luteini, ambayo ndiyo zanthofili kuu ya majani, ina takriban 569. Klorofili a ni takriban 893, klorofili b takriban 907. Zipange kuanzia nyepesi hadi nzito, kisha angalia karatasi kuanzia juu hadi chini: mpangilio ni ule ule, bila hata mmoja kukosea nafasi. Mwanafunzi yeyote makini angesema sheria imethibitishwa. Walimu wengi nao wamesema hivyo.

Sasa angalia doa jekundu. Anthosianini ya kawaida katika mimea mingi, sianidini iliyoungana na molekuli moja ya glukosi, ina uzito wa takriban 449. Ni nyepesi kuliko rangi zote nne zilizotajwa. Kama uzito ndio ungeamua, rangi ya aina hii ingekuwa juu ya karotini, ikishindana na kiyeyushi chenyewe. Badala yake imekaa kwenye mstari wa kuanzia. Nyepesi kuliko wote ndiye aliyeshindwa kuondoka.

Mwenye dai anaweza kusema hiyo ni ajabu ya rangi moja tu. Basi tumpe ushahidi wa pili, bila anthosianini. Chukua mchanganyiko ule ule wa rangi za kijani na njano, uweke kwenye kibamba chenye tabaka jembamba la jeli ya silika badala ya karatasi, utumie heksani na asetoni. Karotini itabaki kinara. Klorofili a itakuwa juu ya klorofili b. Lakini luteini, iliyokuwa ya pili kwenye karatasi, inashuka mpaka chini ya klorofili zote mbili. Uzito wa luteini haukubadilika ilipohamishwa kutoka karatasi kwenda silika. Kilichobadilika ni kile kinachoishika.

Tuseme basi kinachotokea. Ndani ya chupa ile kuna vitu viwili vinavyoigombania kila molekuli. Kimoja kimetulia: nyuzi za selulosi za karatasi pamoja na maji kidogo ambayo nyuzi hizo huyashikilia wakati wote, hata karatasi ikionekana kavu. Kingine kinatembea: kiyeyushi kinachopanda. Molekuli ikiwa ndani ya kiyeyushi inasafiri kwa mwendo wa kiyeyushi. Ikiwa imeshikwa na karatasi haisafiri kabisa. Hakuna molekuli inayotembea polepole kwa sababu ni nzito. Ni kama malori mawili yanayotoka Itigi kwa mwendo mmoja, moja likisimama kila kijiji kushusha mzigo na jingine likipita moja kwa moja. Linalochelewa Rungwa halikukosa mwendo, lilisimama zaidi. Rf ya 0.45 inakueleza kwamba klorofili b, kwa wastani, ilitumia asilimia 45 ya muda wake ndani ya kiyeyushi na asilimia 55 ikiwa imeshikwa.

Nini kinaamua muda wa kushikwa? Katika jaribio hili, hasa ni ncha za umeme ndani ya molekuli. Atomu ya oksijeni huvuta elektroni kwa nguvu kuliko kaboni au haidrojeni. Palipo na oksijeni, upande wake unakuwa na chaji hasi kidogo na upande wa pili chaji chanya kidogo. Molekuli ina ncha. Selulosi imejaa vikundi vya haidroksili, OH, na maji yenyewe ni molekuli yenye ncha kali. Vitu vyenye ncha hushikana navyo. Etha ya petroli, kwa upande wake, ni kaboni na haidrojeni tupu, haina ncha za kutajika, na inawapokea wenzake wasio na ncha.

Zisome rangi zetu kwa jicho hilo. Karotini ni C₄₀H₅₆, haina oksijeni hata moja. Karatasi haina pa kuishikia, kwa hiyo inapanda karibu sawasawa na kiyeyushi. Luteini ni C₄₀H₅₆O₂: mifupa inafanana kabisa na ya karotini, ila kila mwisho umeongezwa haidroksili moja. Oksijeni mbili tu zimeishusha kutoka 0.95 hadi 0.71 kwenye karatasi. Kwenye silika, ambayo haidroksili zake zina tindikali kidogo na hushika kwa nguvu zaidi, oksijeni hizo hizo mbili zinaiburuza mpaka chini ya klorofili. Nayo anthosianini ina haidroksili kila upande, sukari nzima imening'inia ubavuni, na juu ya yote hayo mara nyingi ina chaji chanya kamili. Etha ya petroli haina cha kuipa. Asilimia 100 ya muda wake iko kwenye karatasi, na Rf ni 0.

Mfano unaonipendeza kuliko yote ni wa klorofili mbili, kwa kuwa karibu kila kitu ndani yake ni kimoja. Klorofili a ina kikundi cha CH₃ mahali fulani kwenye pete yake. Klorofili b, mahali palepale, ina CHO. Ni badiliko la pembe moja ndogo. Uzito unaongezeka kwa gramu 14 kati ya 893, haufiki asilimia 2. Rf inashuka kutoka 0.65 hadi 0.45. Hakuna hesabu ya uzito itakayokupa mporomoko huo kutokana na asilimia 2. Oksijeni moja iliyoongezeka, yenye ncha iliyo wazi kwa selulosi, inautosheleza.

"Sawa, basi chenye ncha hubaki chini siku zote."

Huyu amekubali nusu ya somo akaifanya kuwa sheria nzima. Sentensi yake ni kweli kwa kiyeyushi kisicho na ncha juu ya kitu chenye ncha. Badilisha kiyeyushi na sheria inabadilika, wakati mwingine inageuka miguu juu.

Unaweza kuliona hilo kwa karatasi ile ile. Ikaushe vizuri, kata kipande chenye doa jekundu la mstari wa kuanzia, uligusishe tone la maji ya limau: doa litang'aa na kuwa jekundu zaidi, kwa kuwa anthosianini hubadilika rangi kufuatana na tindikali. Kisha simamisha kipande hicho kwenye maji yaliyochanganywa na siki. Doa lililogoma kusogea ndani ya etha ya petroli sasa linaanza kupanda, na rangi za kijani ukiziweka kwenye maji hayo hazitaondoka. Waliokuwa mbele wamekuwa nyuma.

Waliobobea katika rangi za mimea walilitumia jambo hili kwa makusudi. Mwingereza Jeffrey Harborne, aliyekusanya thamani nyingi za Rf za anthosianini kwenye karatasi, hakutosheka na kiyeyushi kimoja. Tazama rangi mbili: sianidini yenye glukosi moja, na sianidini yenye glukosi mbili katika nafasi mbili tofauti. Kwa kiyeyushi cha butanoli, asidi ya asetiki na maji, ya kwanza hupata karibu 0.38 na ya pili karibu 0.28: sukari ya ziada imeichelewesha, kama tungetarajia. Kwa maji yenye asilimia 1 ya asidi ya haidrokloriki, ya kwanza hupata karibu 0.07 na ya pili karibu 0.16: sukari ile ile ya ziada sasa imeiharakisha. Molekuli ni zile zile na karatasi ni ile ile. Maji yanaipenda sukari kuliko butanoli inavyoipenda, basi.

Kwa hiyo swali la mtihani lisemalo "eleza kwa nini kitu A kina Rf kubwa kuliko B" haliwezi kujibiwa kwa kutaja A na B peke yake. Jibu linahitaji vitu vitatu: tabia ya molekuli, tabia ya kiyeyushi, na tabia ya kile kilichotulia. Mwanafunzi anayeandika "kwa sababu A haina ncha" ameandika theluthi moja ya jibu. Anayeandika "A haina ncha, kiyeyushi nacho hakina ncha, lakini karatasi ina maji na haidroksili zinazoishika B" amemaliza.

Kwa njia hiyo hiyo utajua la kufanya jaribio likikataa. Madoa yote yakirundikana juu, kiyeyushi kimezidi ncha, kwa hiyo punguza asetoni. Yakirundikana chini, iongeze. Ukitoka 9 kwa 1 hadi 8 kwa 2, klorofili zitapanda waziwazi. Na hili huweza kukutokea bila kutaka: asetoni na etha hazivukizwi kwa kasi moja, na chupa ikiachwa wazi kwenye joto la mchana, mchanganyiko unaobaki si ule uliopimwa asubuhi. Ukiona Rf za alasiri haziafikiani na za asubuhi, tazama kifuniko kabla ya kulaumu jani.

Doa lenye mkia mrefu lina maelezo mengine: umeweka rangi nyingi kupita uwezo wa karatasi, au umesimamisha karatasi kabla maji ya jani hayajakauka kwenye doa. Na likijitokeza doa la kijivu lisilo kwenye orodha, kati ya karotini na klorofili, uliza kama jani lilikaa muda mrefu au lilikutana na tindikali. Klorofili ikipoteza magnesi yake inakuwa feofitini, na rangi yake ni hiyo ya kijivu cha kuelekea zaituni. Ndiyo sababu limau linawekwa mwisho, wala si kwenye kinu.

"Rf ni kama kiwango cha kuchemka: ukiipata, umekijua kitu."

Dai hili ni la wakubwa, na nje ya darasa lina madhara. Baada ya yote tuliyoona, kulijibu hakuchukui muda mrefu. Maji safi kwenye kanieneo ya usawa wa bahari huchemka kwa nyuzi 100 bila kujali sufuria ni ya nani. Luteini ina Rf ya 0.71 kwenye karatasi ile, na chini kabisa ya klorofili kwenye silika, na 0 kwenye maji. Namba ya Rf isiyo na jina la kiyeyushi na jina la karatasi au kibamba si taarifa.

Hata vitu hivyo vikitajwa, Rf inaweza kukataa lakini haiwezi kuthibitisha peke yake. Madoa mawili yenye Rf tofauti kwenye karatasi moja ni vitu viwili. Hilo ni hakika. Madoa mawili yenye Rf sawa yanaweza kuwa kitu kimoja, au vitu viwili vilivyofikia mahali pamoja kwa bahati. Zanthofili ya 0.71 na klorofili a ya 0.65 ziko karibu kiasi kwamba kwa doa lililokolea zinagusana; kama zingekuwa hazina rangi, ungeapa kuwa ni kitu kimoja.

Tanzania ina mfano wa kazini wa tahadhari hii. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, ambayo tangu 2019 ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ilianza kutumia maabara ndogo za kubebeka ziitwazo Minilab, za mfuko wa Kijerumani wa GPHF, kuchunguza dawa mipakani na mikoani. Kazi kuu ndani ya masanduku hayo ni kromatografia ya tabaka jembamba, kwenye vibamba vya jeli ya silika. Mkaguzi haendi na jedwali la thamani za Rf akalinganisha namba. Kwenye kibamba kimoja anaweka dawa inayoshukiwa na, pembeni yake, dawa halisi ya kulinganishia katika viwango viwili, asilimia 100 na asilimia 80. Vyote vinapanda pamoja, kwa kiyeyushi kimoja, kwa joto moja. Kisha anatazama chini ya taa ya urujuanimno, kwa kuwa dawa nyingi hazina rangi, na anauliza maswali mawili: doa limefika usawa wa lile la kulinganishia? Na ukubwa na ukolezi wake haupungui ule wa asilimia 80?

Doa lisipokuwepo, au likiwa mahali pengine, dawa ina kesi ya kujibu. Doa likiwa mahali pake, dawa imevuka kizuizi cha kwanza tu. Sampuli yenye shaka hupelekwa maabara kubwa kwa vipimo vya nguvu zaidi. Mpango mzima umejengwa juu ya kukubali kwamba joto la chumba, unyevu wa kibamba na ujazo wa mvuke kwenye chupa hubadilika kila siku, na namba iliyopatikana Dodoma jana si lazima ipatikane Rungwa leo. Kitu cha kulinganishia kikisafiri kwenye kibamba kile kile, mabadiliko hayo yanaligusa doa lake kama yanavyoligusa la mwenzake.

Shuleni hali ni rahisi zaidi, na bado utaratibu huo unawezekana. Weka madoa mawili kwenye mstari mmoja, moja la jani changa jekundu na jingine la jani lililokomaa la mti uleule. Madoa manne ya juu yatapanda sambamba, ya jani changa yakiwa hafifu zaidi kwa sababu klorofili yake bado haijajaa. Kwenye mstari wa kuanzia, upande mmoja utakuwa na wekundu uliokolea na upande wa pili utakuwa karibu mtupu. Mwanafunzi hahitaji jedwali kulijua jibu la swali lililomshangaza njiani: wekundu ulikuwa rangi ya ziada, na klorofili ilikuwepo chini yake tangu mwanzo.

Ombi langu kwa wanaosahihisha kazi za vitendo ni hili. Thamani ya Rf iliyoandikwa bila kiyeyushi, bila aina ya karatasi au kibamba, isipewe alama hata kama namba yake inafanana na ya kitabu. Na shule iliyo karibu na miombo isisubiri mchicha. Majani mekundu yanapatikana Septemba na Oktoba tu, na yakishakuwa kijani utasubiri mwaka mzima.